Konsoli na kompyuta kwenye monita moja: picha ikigoma, anzia wapi

Kompyuta ukiichomeka moja kwa moja kwenye monita, picha inatoka. PS4 nayo ukiichomeka moja kwa moja, picha inatoka. Sasa weka swichi ya HDMI katikati ili vyote viwili vitumie monita hiyo hiyo, ndipo vituko vinaanza: mara giza, mara herufi kubwa kama za bango, mara monita inahama yenyewe katikati ya mechi. Wengi hapo huilaumu swichi, wanarudi dukani kununua nyingine ya aina ileile, na tatizo linabaki pale pale.

Ukijua kinachopita kwenye ile kebo, hutanunua vitu kwa kubahatisha. Kabla picha haijatoka, kifaa na monita huzungumza kwanza. Kifaa hupeleka volti 5 kupitia pini ya 18, na monita hujibu kupitia pini ya 19 kwamba ipo. Kifaa kikishajua kuna monita, huisoma EDID, yaani kijifaili kidogo ndani ya monita kinachoeleza inakubali picha za ukubwa gani. Na kama kifaa kinalinda haki za video, huomba pia makubaliano ya HDCP. Swichi inakaa katikati ya mazungumzo haya yote, na mara nyingi ni mazungumzo ndiyo yanayoharibika, picha yenyewe haina kosa.

Kwanza, je, unahitaji swichi kweli?

Geuza monita uangalie nyuma. Monita nyingi zilizotumika maofisini, zinazouzwa huku kwetu kama used, zina HDMI moja pamoja na DisplayPort au VGA. Konsoli haina njia nyingine ya picha zaidi ya HDMI, kwa hiyo tundu la HDMI liwe lake. Kompyuta ipeleke kwenye DisplayPort kama inayo, kisha utakuwa unahama kwa kitufe cha monita chenyewe. Hakuna swichi, hakuna cha kuharibika katikati.

Jihadhari na adapta hapo. Adapta ya bei ndogo inayotoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita haifanyi kazi kinyume. Ukiichukua hiyo hiyo ili PS4 iingie kwenye DisplayPort ya monita, utapata giza tupu, na wala hakuna kilichoungua. Ni njia ya upande mmoja tu.

VGA inafanya kazi, na 1920x1080 inafika, ila herufi hulegea kidogo. Kwa kuangalia video sioni shida. Kwa mtu anayesoma maandishi siku nzima, mimi simshauri.

Kama lazima ununue swichi, soma maandishi juu ya kiboksi kabla hujalipa. Dukani swichi na spilita hupewa jina moja, lakini spilita inachukua kifaa kimoja na kukigawa kwenye skrini mbili. Unachotaka wewe ni kilichoandikwa INPUT 1, INPUT 2 na OUTPUT moja. Kuna vingine vyenye kitufe kimoja vinavyofanya kazi pande zote mbili. Hivyo vinafaa, ila ndivyo hasa vinavyoleta dalili ya kwanza hapa chini.

Dalili: kompyuta inarudi na herufi kubwa, picha imevutika

Hii nitaieleza kwa kisa, kwa sababu njia ya kuifuatilia ndiyo utakayoitumia kwa dalili nyingine zote.

Kijana wa jirani alikuja jioni moja. "Shikamoo kaka. Dada anasema nimeharibu monita yake."

"Marahaba. Umeifanyaje?"

"Sijaifanya kitu. Nacheza usiku, asubuhi akiwasha kompyuta maandishi yamekuwa makubwa. Kwenye mipangilio inaandika 1024x768, na 1920x1080 haipo kabisa kwenye orodha."

Dada yake anachora kadi na mabango kwenye kompyuta ya mezani, yeye mdogo ana PS4. Monita moja ya inchi 22 yenye HDMI moja na VGA. Katikati kuna swichi ya kitufe, isiyo na tundu la umeme. Kebo ya PS4 ni ya mita moja na nusu, ile ya kompyuta ni ya mita 5, nyembamba, imezungushwa nyuma ya meza.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuitoa swichi. Kompyuta moja kwa moja kwenye monita kwa kebo ile ile ya mita 5: 1920x1080 ikarudi bila kuguswa. Kwa hiyo monita ni nzima, kompyuta ni nzima, na kebo peke yake inatosha.

Hatua ya pili, tukairudisha swichi na kubadilishana matundu: kompyuta kwenye 1, PS4 kwenye 2. Tatizo likahamia pamoja na kompyuta. Basi siyo tundu moja la swichi lililokufa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyofichua. Tulifungua Device Manager kwenye Windows, sehemu ya Monitors. Picha ikiwa mbaya, paliandikwa Generic Non-PnP Monitor. Maana yake kompyuta inajua kuna skrini, lakini haijaweza kusoma EDID, hivyo inakisia picha ya usalama. Kisha nikamwambia kijana awashe PS4 na kuiacha ikiwaka, tukabonyeza swichi kurudi kwenye kompyuta. Picha ikawa sawa, na jina likabadilika kuwa Generic PnP Monitor. Tukaizima PS4 kabisa, tukatoa kebo na kuirudisha: herufi kubwa tena.

Hapo jibu liko wazi. Ile swichi haina umeme wake. Inaishi kwa volti 5 za vifaa vinavyochomekwa. Kiwango cha HDMI kinakitaka kifaa kiweze kutoa angalau miliampea 55 kwenye pini ya 18, na huo ni umeme mdogo sana. PS4 ikiwaka, kebo yake fupi ilikuwa inailisha swichi. PS4 ikizimwa, swichi ilibaki kutegemea kompyuta kupitia waya mwembamba wa mita 5, na umeme uliofika haukutosha kusomesha EDID vizuri. Usiku kila kitu kilikuwa sawa kwa sababu PS4 ilikuwa inawaka. Asubuhi dada anawasha kompyuta peke yake, ndipo shida inajitokeza.

Tiba zilikuwa mbili. Tulijaribu kwanza kebo ya mita moja na nusu upande wa kompyuta kwa kuisogeza kompyuta chini ya meza, na tatizo likaisha. Lakini dada alitaka kompyuta yake ibaki mbali na miguu, kwa hiyo walinunua swichi yenye tundu la USB la umeme, ikachomekwa kwenye chaja ya simu isiyotumika. Kebo ndefu ikarudi mahali pake na picha haijasumbua tena.

Anayetumia Linux anaweza kuuona ugonjwa huu kwa macho:

```
wc -c < /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid
```

Kwako inaweza kuwa card1 badala ya card0. Ukipata 256, EDID imefika nzima: kipande cha kwanza cha baiti 128 na cha nyongeza kinachokuja na HDMI. Ukipata 0 huku picha ipo, swichi au kebo haipitishi mazungumzo.

Dalili: kompyuta iko sawa, konsoli inatoa giza

Hapa kuna sababu mbili zinazofanana kwa macho, na unazitenganisha kwa mpangilio mmoja mmoja.

Ya kwanza ni HDCP. Ichomeke konsoli moja kwa moja kwenye monita, kisha zima ulinzi huo. Kwenye PS4 ni Settings, System, halafu ondoa alama kwenye Enable HDCP. Kwenye PS5 ni Settings, System, HDMI, Enable HDCP. Rudisha swichi. Picha ikitoka sasa, umempata mkosaji: swichi haijui kupitisha makubaliano hayo. Gemu zinacheza bila HDCP, ila programu za kuangalia filamu zinaidai, kwa hiyo kama konsoli ndiyo sinema ya nyumbani, badilisha swichi, usizoee kuiacha imezimwa.

Ya pili ni upana wa njia, na inawapata wenye PS4 Pro au PS5 kwenye monita ya 4K. Swichi ya kizazi cha HDMI 1.4 inabeba gigabiti 10.2 kwa sekunde, wakati picha ya 4K kwa Hz 60 inataka HDMI 2.0, yaani gigabiti 18. Wengi hushangaa kwa nini konsoli isijishushe yenyewe. Ni kwa sababu swichi nyingi rahisi zinapitisha tu maneno ya monita. Monita inasema "mimi naweza 4K kwa Hz 60", konsoli inaamini, inatuma, na swichi inazidiwa. Swichi haijitangazi udhaifu wake. Dalili yake huwa ni giza, au picha inayokatika sekunde mbili na kurudi, au vidoa vinavyometameta sehemu zenye giza.

Kupima ni rahisi: ishushe konsoli hadi 1080p. Ikitulia kabisa, tatizo ni upana, na tiba ni swichi na kebo vya 2.0, vyote viwili, maana kebo mbovu itakurudisha pale pale. Ukiwa na giza na huwezi kuifikia menyu kwenye PS5, izime kabisa, kisha bonyeza na kushikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 hivi. Unganisha padi kwa kebo ya USB, bonyeza kitufe cha PS, na chagua Change Video Output. Bila kebo padi haitaitikia hapo.

Dalili: skrini inahama yenyewe, au inakataa kuhama

Kuna swichi zinazojihamisha bila kubonyezwa. Zinafanya hivyo kwa kuangalia zile volti 5: tundu lililopata umeme mwisho ndilo linalopewa skrini. Wazo ni zuri, lakini konsoli iliyo kwenye Rest Mode inaweza kuendelea kupeleka volti 5, na swichi ikaamini bado unacheza. Kwa upande mwingine, kompyuta iliyolala ikiamka usiku kupokea masasisho, skrini inarukia kwake huku mpira uko ndani ya kumi na nane. Dawa yangu hapo ni swichi ya kitufe au ya remoti, na hali ya kujihamisha izimwe kama kifaa kinaruhusu.

Kama huna swichi na vifaa vimechomekwa kwenye matundu tofauti ya monita, mhamaji ni monita yenyewe. Ingia kwenye menyu yake utafute Auto Source au Auto Input, uzime. Baada ya hapo monita itasema tu hakuna mawimbi na kusubiri amri yako.

Na wale ambao vitufe vya monita viko chini kwa nyuma, vya kupapasa, kuna njia nzuri kuliko zote. Monita nyingi zinakubali kuhamishwa na kompyuta kupitia kebo ile ile, alimradi DDC/CI imewashwa kwenye menyu yake. Kwenye Linux:

```
ddcutil getvcp 60
ddcutil setvcp 60 0x11
```

Amri ya kwanza inakuonyesha uko tundu gani, ya pili inahamia HDMI ya kwanza. Kawaida 0x12 ni HDMI ya pili na 0x0f ni DisplayPort, ila baadhi ya monita hutumia namba zao. `ddcutil capabilities` itakuonyesha za kwako. Ukiifunga amri hiyo kwenye vitufe vya kibodi, unaenda kwenye konsoli bila kuinuka. Kurudi kwenye kompyuta nako kunawezekana kwa kibodi hiyo hiyo, kwa sababu kompyuta bado inawaka, ila monita nyingine haziipokei amri kutoka tundu lisiloonyeshwa. Jaribu zote mbili kabla hujaitegemea.

Kuhusu madirisha ya programu kurudi yamejikunyata pembeni: ukihamisha swichi, kompyuta inaona monita imechomolewa, ndiyo maana. Windows 11 ina alama kwenye Settings, System, Display, Multiple displays iitwayo Remember window locations based on monitor connection, iwashe. Na kompyuta ikirudi na giza ingawa inawaka, Ctrl+Win+Shift+B huifufua draiva ya picha bila kupoteza kazi uliyokuwa unaifanya.

Picha mbili bega kwa bega

PBP ni jambo tofauti. Hapa monita inakata kioo nusu kwa nusu, kompyuta upande mmoja na konsoli upande wa pili, vyote vikiwaka kwa pamoja. Malalamiko mengi ninayoyasikia juu yake siyo hitilafu, ni mipaka ya kioo.

Chukua monita ya inchi 34 yenye 3440x1440. Ikikatwa, kila upande unapata 1720x1440, yaani umbo lililosimama. Konsoli haina picha ya umbo hilo; inatuma mstatili wa 16 kwa 9. Upana ukiwa 1720, kimo chake kinakuwa kama 967 tu, na kilichobaki ni weusi juu na chini. Ukiona picha imejaza nusu yote na wachezaji wamekuwa wembamba warefu, monita inavuta picha. Tafuta kwenye menyu yake mpangilio wa uwiano na uweke Aspect au 16:9. Weusi hautaondoka, na hakuna mpangilio wa konsoli utakaouondoa. Kwenye monita ya inchi 27 ya 2560x1440 ni mbaya zaidi, kwa sababu nusu ni 1280 na gemu linabaki na 1280x720.

Inapopendeza kweli ni kwenye zile ndefu za inchi 49 za 5120x1440. Nusu yake ni 2560x1440 kamili, umbo la 16 kwa 9, na PS5 inatoa 1440p tangu sasisho la Septemba 2022. Nenda Settings, Screen and Video, Video Output, ubonyeze Test 1440p Output ukiwa tayari ndani ya PBP, maana monita inaweza kujitambulisha tofauti PBP ikiwaka. PS4 haina 1440p, kwa hiyo itatuma 1080p na monita itaikuza.

Upande wa kompyuta, dalili ya kawaida ni maandishi yaliyobanwa. Kompyuta bado inatuma 3440x1440 na monita inaikandamiza ndani ya nusu. Ichagulie 1720x1440 kwa mkono. Kama haimo kwenye orodha, toa kebo na kuirudisha PBP ikiwa imewashwa ili isome EDID upya. Ikishindikana, itengeneze kwenye programu ya draiva ya kadi ya picha.

Kama neno PBP liko kwenye menyu lakini limefifia na halichaguliki, zima FreeSync au Adaptive Sync, kisha HDR, urudi tena. Monita nyingi haziwezi kuvibeba pamoja na PBP, na kwenye hali hiyo nyingi pia hushuka hadi Hz 60. Aliyenunua monita ya Hz 144 akadhani atapata zote upande wa kompyuta huku mdogo wake anacheza, aangalie Advanced display kwenye Windows. Namba iliyopo pale ndiyo ukweli. Baadhi ya monita pia haziruhusu HDMI mbili kwa pamoja kwenye PBP, zinataka HDMI moja na DisplayPort moja. Nusu moja ikiwa nyeusi na kila kitu kingine kiko sawa, hamisha kompyuta iende DisplayPort kabla hujashuku kitu kingine.

Sauti nayo: monita ina njia moja tu ya sauti, hivyo PBP inakulazimisha kuchagua upande. Tafuta Audio Source kwenye menyu na uiweke kwenye konsoli, halafu kompyuta ipewe spika zake kupitia tundu la nyuma ya kompyuta yenyewe. Ukichomeka hedifoni kwenye padi ya PS, huhitaji sauti ya monita kabisa, na hata dada akiwa anasikiliza yake upande wa pili, hakuna anayemsumbua mwenzake.